Kabla hujaongeza rodi kwenye mwamba wa Mwanza

Juzi kijana mmoja anayefunga ethi, zile rodi za kupeleka umeme wa hitilafu ardhini, aliniandikia: "Kaka, rodi zote zimekita mwambani, mita bado inasoma omu 11, mteja anataka 2. Nimwage chumvi?"

Usimwage. Mvua itaisomba, na kabla haijaisha itakula klipu zako. Nirushie kwanza vipimo vya udongo, nikamwambia. Hakuwa navyo.

Nina kisa kinachofanana. Kituo kidogo cha kupozea umeme, kilimani hapa Mwanza, udongo mwembamba juu ya matale. Tulipanga vigingi vinne kwa mstari, nafasi sawa, tukaongeza nafasi ili kupima chini zaidi: mita 1, 2, 4, 8. Mita ikasoma omu 28, 21, 19, 16. Bosi akafurahi kuona namba inashuka. Mimi nikatumia ρ = 2πaR, ambapo a ni nafasi, R ni usomaji wa mita na ρ ni ukinzani wa udongo, nikapata omu-mita 176, 264, 478, 804. Ukinzani unapanda kadiri unavyokwenda chini! Alinicheka mbele ya vibarua, na sijasahau.

Mkunjo ule ulikaa vizuri kwenye tabaka mbili: mita moja na nusu ya udongo wa omu-mita 150, chini yake mwamba wa karibu 2,850. Ukichukua wastani wa vipimo vyote umeshapotea. Wavu wa ethi wa shaba uliofukiwa, mita 30 kwa 40, kwa R = (ρ/4)√(π/A), A ikiwa eneo lake, unatoa omu 2 ukitumia udongo wa juu na 36 ukitumia mwamba. Ukweli uko katikati, na wavu ukiwa mpana kuliko kina cha udongo, mwamba ndio unaoamua. Rodi ndefu hapo inatafuta omu mahali zisipokuwepo.

Kwa hiyo tulishuka bondeni, kwenye mfinyanzi mweusi unaoshika maji hata kiangazi. Pale nafasi zote zilitoa karibu omu-mita 40. Wavu wa mita 20 kwa 20 huko ni omu 0.9 peke yake. Tukauunganisha na ule wa kilimani kwa waya wa shaba uliozikwa ardhini.

Wengine hupenda kuzamisha shaba ziwani. Ndugu zangu, Ziwa Victoria si bahari. Maji yake hayana chumvi ya bahari, ukinzani wake ni karibu omu-mita 100, kwa hiyo mfinyanzi ule unayashinda. Mchanga mkavu wa ufukweni ni mbaya zaidi: kigingi hakishiki, mita inayumba. Mwagia maji kidogo kwenye shina la kigingi, si mstari mzima, na pima kiangazi. Vipimo vya masika vinabembeleza.

Halafu kuna jambo ambalo mafundi wengi hulikwepa kwa sababu halionekani kwenye mita. Hitilafu ikitokea kilimani, volteji inafuata waya hadi bondeni, wanakopita wachungaji na watoto wa shule. Kokotoa volteji ya mguso na ya hatua, yaani inayompata anayegusa chuma au anayepiga hatua ardhini, kule pia, siyo ndani ya uzio wa kituo tu, na usiache chuma chochote kilichoungwa kikichungulia juu ya ardhi.