Kadi ya harusi: "saa 7:00 jioni" ni saa ngapi hiyo?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu wa kamati ya harusi ya kaka yangu, kadi inaenda kuprintiwa wiki hii na kila nikiisoma naona iko sawa ila watu wawili wameshanipigia kuuliza muda. Naomba uniangalizie lugha. Kadi inasema: "Familia ya Bw. & Bi. ____ wanayo furaha kukualika Bw/Bi ____ na familia katika harusi ya kijana wao mpendwa ____ na ____, itakayofanyika 05/12/2026 kanisani saa 8:00 mchana na baadaye ukumbini Mbezi saa 7:00 jioni. Mavazi: dhahabu na bluu. Zawadi: bahasha." Ratiba ya ndani: "18:30 wageni kuwasili, 7:30 maharusi kuingia, chakula, zawadi, 12:00 kufunga. Mkesha wa familia usiku wa Ijumaa." Bibi harusi kwao Tanga. Kipi nirekebishe?

JIBU: Marahaba, na hongereni kwa shughuli. Umefanya la maana kuleta kabla ya printi. Wewe unaiona iko sawa kwa sababu umekaa vikao vyote vya kamati, kila pengo lililoko kwenye kadi kichwa chako kinalijaza chenyewe bila wewe kujua, lakini shangazi wa Korogwe hajakaa kikao hata kimoja, yeye ana karatasi tu mkononi.

Tuanze na muda maana ndiko kwenye hatari kubwa. Kwa Kiswahili hakuna saa 7 ya jioni. Saa 7 ipo ya mchana, watu wakiwa wanakula, na ipo ya usiku, watu wakiwa wamelala, basi. Najua ilivyotokea, dizaina alikuwa na templeti ya Kiingereza imeandikwa 7:00 PM akabadilisha maneno akaiacha namba ilivyo. Mlichotaka kusema ni saa 1:00 usiku. Sasa angalia ratiba: 18:30 ni mtindo wa saa 24, yaani saa 12:30 jioni, halafu mstari unaofuata 7:30 tumerudi kwenye templeti, yaani saa 1:30 usiku, halafu 12:00 kufunga ambayo Mswahili anaisoma saa kumi na mbili, kwa hiyo sherehe yenu ama inafungwa jioni kabla wageni hawajafika ama inakesha mpaka kunapambazuka. Mlimaanisha saa 6:00 usiku. Ndani ya karatasi moja kuna mifumo mitatu ya saa, ndio maana unapigiwa simu.

Namna ya kukagua ni rahisi. Chukua kila saa iliyoko kwenye kadi, isome kwa sauti pamoja na neno la wakati, halafu jiulize hiyo saa ipo kweli. Asubuhi tunaanzia saa 12 mpaka saa 5, mchana saa 6 mpaka 9, jioni saa 10 mpaka 12 na dakika zake, usiku saa 1 kuendelea. Mipakani watu wanatofautiana, kuna wanaosema saa 9 alasiri, kuna wanaosema saa 1 jioni, hao wote wanaeleweka, hamna shida. Shida ni saa 7 jioni au saa 2 mchana, hizo hazipo kwa mtu yeyote, na ukiiona ujue kuna Kiingereza kimebaki humo ndani: ongeza au punguza saa sita upate yenyewe. Na kila saa iandikiwe neno lake, hata kama zinafuatana kumi. Usiseme "wataelewa tu ni usiku", kuna mtu atapigiwa picha mstari mmoja wa ratiba na kutumiwa kwa wasapu bila ya juu yake.

Tarehe nayo: 05/12/2026 kwetu ni Desemba, lakini ndugu aliyeko Marekani amezoea mwezi unatangulia, yeye atasoma 12 Mei, na huyo ndiye anayekata tiketi ya ndege mapema kuliko wote. Andika mwezi kwa neno na siku ya wiki mbele yake: Jumamosi, tarehe 5 Desemba 2026. Siku ya wiki inafanya kazi ya ulinzi, maana mkikosea namba mtu ataona haviendani na siku atauliza.

Halafu huo mkesha. Hapa ndipo nilipokaa zaidi kwa sababu umetaja Tanga. Kwa watu wengi wa pwani, hasa wazee na waliokulia kwenye hesabu ya Kiislamu, siku inaanza jua likizama. Kwa hiyo "usiku wa Ijumaa" ni ule usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Kwa vijana wa Dar walio wengi "usiku wa Ijumaa" ni Ijumaa yenyewe jioni ikishaingia giza. Wote wanasema Kiswahili sahihi, hakuna wa kumsahihisha mwenzake, ila mkiandika hivyo upande mmoja wa familia utafika Alhamisi na mwingine Ijumaa. Dawa ni kutanguliza siku na kubandika tarehe, "Ijumaa usiku, tarehe 4 Desemba, kuanzia saa 2:00 usiku". Na kama mnataka kukaza zaidi ongeza "kuamkia siku ya ndoa", hilo neno kuamkia analielewa kila mtu, bibi wa Pangani na kijana wa Sinza. Kwa kufunga sherehe vilevile, ukisema "saa 6:00 usiku wa kuamkia Jumapili" mwenye gari la kukodi hatakosea tarehe.

Mahali. Mbezi ipi? Dar kuna Mbezi Beach huku Barabara ya Bagamoyo na kuna Mbezi ya Kimara kule Barabara ya Morogoro kwenye stendi ya Magufuli, na mtu akijikuta Mbezi siyo, hapo katikati kuna Goba nzima ya kuvuka, Jumamosi jioni, na foleni yake. Wenye kamati wanaujua ukumbi ndio maana hawakuona. Andika jina la ukumbi kamili, Mbezi gani, kituo cha daladala cha kushukia na kitu kikubwa cha jirani, "mkabala na" au "nyuma ya". Lokesheni ya simu tumeni lakini isiwe badala ya maneno, kuna wageni wanakuja na bodaboda na bodaboda anataka jina la kituo. Kanisa nalo halina jina kwenye kadi yako, limeandikwa "kanisani" tu kama vile liko moja.

Sasa "Bw/Bi ____ na familia". Hili ni neno la adabu, linapendeza, na linaumiza kamati kuliko jingine lolote. Aliyeandika anafikiria mume na mke, anayesoma ana watoto watatu na mdogo wake anayekaa naye, wote ni familia, na amealikwa kwa maandishi. Halafu mlangoni mnamwambia kadi yake ni ya watu wawili, hapo mmemvunjia heshima kwa kosa lenu. Kama viti vimehesabiwa, semeni idadi: "Mwaliko huu ni wa watu ____", mnajaza kwa kalamu, mmoja au wawili. Ile ya kupiga muhuri singo au dabo pembeni inaeleweka mjini, ila mama wa kijijini haijui, na haigharimu kitu kuandika watu wawili. Kama watoto hawahusiki ukumbini basi msizunguke, "tunaomba radhi, ukumbini ni kwa watu wazima tu" inatosha kabisa, na kanisani waje.

Mavazi: dhahabu na bluu, ya nani? Hiyo inaweza kuwa rangi ya mapambo, au sare ya kamati, au wageni wote wanatakiwa wavae. Mgeni mwenye wasiwasi ataenda kununua kitambaa asichohitaji, na asiye na hela anaweza kuamua kutokuja kabisa kwa kuogopa kuonekana tofauti, nimeshasikia hilo si mara moja. Bluu yenyewe ziko nyingi, kuna bluu ya bahari na kuna bluu iliyokoza. Kwa maelezo uliyoweka nadhani ni rangi za kamati na wasimamizi, kwa hiyo sema hivyo: sare ni ya kamati, mgeni avae vazi lolote la heshima. Kama mna katazo, mfano nyeupe abaki nayo bibi harusi, au kanisa linataka mabega yafunikwe, liandikwe kwa kuomba.

"Zawadi: bahasha" ni fupi mpaka inasikika kama amri, na bado haijajibu kitu. Mgeni ameshatoa mchango kwenye kamati, anajiuliza je hii bahasha ni nyingine au ndiyo ile ile? Mwambieni. Na kama mnapokea kwa simu wekeni namba na jina litakalotokea, maana mtu akituma na kuona jina asilolijua atasita, na ana haki ya kusita.

Kisarufi ni moja tu, "familia inayo furaha", familia ni moja hata kama ina watu hamsini. Na wazazi wa bibi harusi hawapo kabisa kwenye kadi. Kadi ya upande wa mwanaume mara nyingi huandikwa hivyo, ila mgeni wa Tanga ataitafuta familia yake humo, waandikeni.

Mimi ningeiandika hivi:

"Familia ya Bw. na Bi. ____ wa ____ inayo furaha kukualika ____ katika harusi ya kijana wao mpendwa ____ na ____, binti wa Bw. na Bi. ____ wa Tanga. Jumamosi, tarehe 5 Desemba 2026. Ibada ya ndoa: Kanisa la ____, saa 8:00 mchana. Tafrija: Ukumbi wa ____, Mbezi ____, mkabala na ____. Wageni kuwasili saa 12:30 jioni, maharusi kuingia saa 1:30 usiku. Mwaliko huu ni wa watu ____. Mavazi: vazi lolote la heshima, dhahabu na bluu ni sare ya kamati. Mchango wako tumeupokea, asante sana. Atakayependa kutoa zawadi zaidi, maharusi wanaomba iwe ya bahasha, itapokelewa ukumbini wakati wa zawadi, au kwa simu namba ____, jina litatokea ____. Majibu: ____ kabla ya tarehe 20 Novemba."

Ile saa 1:00 usiku ya ukumbini nimeitoa, badala yake nimeweka saa ya wageni kuwasili iliyoko kwenye ratiba yenu, ili kadi na ratiba ziseme kitu kimoja. Hiyo tarehe ya majibu nimeiweka mimi, badilisheni mnavyotaka, ila iwepo. Mbezi ipi na kama sare ni ya kamati ni wewe wa kuthibitisha, mimi nimekisia. Kwenye ratiba, pale "zawadi" andika nani anaanza, ndugu wa bibi harusi, wa bwana harusi, wafanyakazi wenza, wageni wengine, ili emsii asipate msongamano mbele. Chakula nacho kipewe saa yake. Mkesha utoe kwenye ratiba ya wageni wote, upeleke kwenye grupu la familia peke yake, la sivyo watakuja wasiohusika.

Ukishasahihisha mpe mtu ambaye hajui chochote kuhusu hii harusi, asome mara moja, halafu umuulize anatoka nyumbani saa ngapi, anakwenda wapi kwanza, na nani, amevaa nini, ameshika nini. Akisita popote hapo ndipo pa kurekebisha, usimweleze kwa mdomo maana hutakuwepo kumweleza kila mgeni. Na hao wawili waliokupigia simu, kama walishaona rasimu kwa wasapu basi ipo inazunguka, watumie leo meseji moja fupi: "Masahihisho: wageni wafike ukumbini saa 12:30 jioni, siyo saa 7. Jumamosi, 5 Desemba. Tafadhali futa kadi ya awali."