Maswali na majibu: Kazi nne ndani ya miaka mitano

Nimekuwa karani wa stoo, msaidizi wa ununuzi, ofisa ununuzi, na sasa msimamizi wa stoo na ununuzi kwenye kampuni ndogo. Kila usaili naulizwa mbona nahamahama. Nijibu nini?

Anayekuuliza hivyo ana hofu moja: akufundishe miezi kadhaa, kisha uondoke ndiyo kwanza umeanza kuifaa ofisi. Ukimpa sababu nne za kuondoka, umeithibitisha hofu hiyo mara nne. Anachohitaji kusikia ni kitu kimoja kilichokuwa kikikua kutoka kazi hadi kazi.

Kabla ya usaili chukua karatasi, na kwa kila kazi andika mambo matatu: ulikabidhiwa nini, ulikamilisha nini, na ulikwenda kutafuta nini. Ulichokwenda kutafuta ulipoacha kazi ya kwanza kionekane kwenye ulichokabidhiwa katika kazi ya pili, na kuendelea hivyo. Pale ambapo havishikani ndipo atakapokubana, kwa hiyo papatie maelezo ya kweli mapema.

Kwako wewe jibu linaweza kuwa hivi: "Nilianza kwa kupokea mzigo na kuandika leja. Nikagundua kwamba upungufu mwingi wa stoo unaanzia kwenye oda, nikahamia ununuzi ili nijue oda inavyopangwa. Huko kazi yangu ilikuwa kukusanya bei tu. Kazi ya tatu ndiyo iliyoniruhusu kujadiliana na wauzaji. Sasa nasimamia stoo na ununuzi kwa pamoja, ila ghala ni moja. Ninyi mna matatu, na hilo sijawahi kulisimamia."

Hapo hata dakika moja haijaisha. Ongeza ushahidi mmoja tu, kwa mfano kwamba tofauti kati ya leja na hesabu ya mkono ilikuwa bidhaa 40 kwa mwezi, na ulipoondoka zilikuwa 6. Tumia takwimu zako halisi, kwa sababu swali linalofuata litakuwa "mlifanyaje?" Kisha nyamaza. Wengi huharibu hapa: kimya cha msaili kinawatisha, wanaongeza maelezo, na jibu zuri linageuka utetezi.

Kazi moja niliiacha baada ya miezi minne kwa sababu ya bosi. Niifiche?

Wasifu unaandaa mwenyewe, na kazi fupi isiyohusiana na nafasi unayoomba unaweza kuiacha nje. Fomu ya maombi inayodai kazi zako zote, yenye sahihi yako chini, ni jambo jingine: humo iandike, maana kuificha kunaweza kukugharimu kazi hata baada ya kuajiriwa. Wala usivute tarehe za kazi za jirani ili kuziba pengo. Waajiri wengi wanaowapigia simu wadhamini huanza kwa kuuliza tarehe ya kuanza na ya kuondoka.

Ukiulizwa, sema kilichotokea bila kumchambua mtu. Kama ndivyo ilivyokuwa: "Majukumu yalitofautiana na yaliyokuwa kwenye mkataba. Nililizungumza na uongozi, hatukuafikiana, nikatoa notisi." Msaili hana njia ya kumpima bosi wako wa zamani. Anakusikia wewe peke yako, na anajiuliza yeye utamsemaje kesho.

Mbili zilikuwa mikataba ya miezi sita. Nazo zinahesabika kama kuhama?

Hapana, lakini atajuaje? Kwenye wasifu anaona tarehe tu. Mbele ya cheo andika "mkataba wa miezi 6, umekamilika". Kama uliongezewa muda, taja na hilo, kwani ni ushahidi kwamba walitaka ubaki.

Ukweli ni kwamba safari mbili nilifuata mshahara. Niseme?

Sema, mradi utaje pia majukumu yaliyoongezeka: "Mshahara ulichangia, na nilikabidhiwa timu kwa mara ya kwanza." Kama majukumu hayakuongezeka, usiyabuni, maswali mawili ya kina yatakuumbua. Afadhali useme wazi kwamba safari ile ilikuwa ya kipato, kisha ueleze kwa nini hii si hivyo.

Na wakiuliza nitakaa muda gani?

Usiahidi miaka kumi. Kwa historia yako hawataamini. Jibu kwa muda ambao kazi yenyewe inaudai: "Kuoanisha leja za maghala matatu kutahitaji angalau hesabu mbili za mwisho wa mwaka: ya kwanza ionyeshe makosa yalipo, ya pili ithibitishe kwamba yamerekebishwa. Nataka niwepo kwenye zote mbili."