Wasifu wa afisa mikopo: "urejeshaji asilimia 98" hautoshi

Swali: "Asalaam alaykum wakuu. Mimi ni afisa mikopo Wete, mwaka wa tatu sasa. Naomba nafasi ya usimamizi wa tawi na nimetakiwa nilete wasifu wa ukurasa mmoja. Nimeandika 'urejeshaji asilimia 98, wateja wananiamini sana'. Niongeze nini?"

Waalaykum salaam ndugu yangu. Kabla ya kuongeza, iangalie kwanza hiyo 98, kwani msomaji anayeijua kazi ataanza nayo.

Chukua mfano. Mwezi huu marejesho yaliyofika tarehe ni shilingi 24,000,000, na daftari la makusanyo linaonyesha 23,520,000. Ukigawa unapata asilimia 98. Lakini ndani ya makusanyo hayo mna 1,320,000 ambazo ni za watu waliolipa awamu zao kabla ya wakati, na za wengine waliokuwa wakimaliza madeni ya miezi iliyopita. Hizo hazikuwa marejesho ya mwezi huu. Ukizitoa zinabaki 22,200,000, na asilimia inashuka hadi 92.5. Andika hii ya pili, na useme wazi kwamba malipo ya mapema na ya malimbikizo hayamo.

Hata ikiwa safi, asilimia ya urejeshaji inaeleza fedha zilizoingia tu, haisemi kitu kuhusu zilizobaki nje. Kwa hilo unahitaji PAR 30, yaani asilimia ya salio lote iliyo kwenye mikopo iliyochelewa zaidi ya siku 30, na hapa ndipo maafisa wengi wanapokosea. Tuseme salio lote la mikopo yako ni 180,000,000. Mikopo 9 imechelewa zaidi ya siku 30, na awamu zilizopitwa na tarehe ni jumla ya 1,900,000. Ukigawa hizo kwa salio lote unapata kama asilimia 1, na utafurahi bure. PAR haihesabu awamu zilizokosekana. Inahesabu salio zima la kila mkopo uliochelewa, maana aliyeshindwa awamu mbili anatia shaka zote zilizobaki. Ikiwa salio la mikopo ile 9 ni 7,200,000, PAR 30 yako ni asilimia 4.

Kisha kando ya PAR taja namba mbili zaidi. Mikopo uliyoipangia upya ratiba hurudi kuonekana mizima siku hiyo hiyo, ingawa mteja ni yule yule na shida ni ile ile. Kama ina salio la 3,600,000, sema kwamba ukiijumlisha unafika asilimia 6. Na iliyofutwa vitabuni imetoka kabisa kwenye hesabu, kwa hiyo nayo itaje kwa kiasi chake. Msomaji akikuta PAR ndogo bila ya hizi mbili, atakuuliza tu kwenye usaili.

Jambo jingine ni ulichokipokea. Ukirithi eneo lenye salio la 96,000,000 na mikopo mibovu ya 9,600,000, umeanzia asilimia 10. Ukitoa mikopo mipya hadi salio likafika 180,000,000, ile mibovu ile ile inakuwa asilimia 5.3 bila senti moja kukusanywa. Kusema "nilishusha PAR kwa nusu" hapo si kweli, kilichokua ni kigawanyo. Fuatilia zile 9,600,000 peke yake: ngapi zimekusanywa, ngapi zimefutwa, ngapi bado.

Kwetu Pemba kuna mtego wa msimu pia. Mkopo wa karafuu, ule wa kulipia wachumaji na kuanika, mara nyingi hurejeshwa kwa mkupuo baada ya mwenye shamba kuuza ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu. Mkopo wa namna hiyo hauna awamu ya kukosa, basi hauwezi kuonekana umechelewa kabla ya tarehe yake ya mwisho. Ikiwa mwisho ni tarehe 31 Disemba, taarifa ya Novemba itaonyesha sufuri hata kama mikarafuu haikuzaa, na mkopo hautaingia kwenye PAR 30 mpaka mwisho wa Januari. Kwa hivyo toa namba za tarehe 31 Machi, au za miezi 12 yote, na utaje ni sehemu gani ya salio inayorejeshwa kwa mkupuo. Kwa wakulima wa mwani ni kinyume chake. Wao hushuka shambani maji yakitoka sana wakati wa bamvu, huvuna, huanika, na fedha huja mwani ukishauzwa. Ukiwawekea rejesho la kila wiki utaona ucheleweaji wa siku kumi kumi usiokuwa na maana yoyote ila kwamba ratiba haikufuata bahari. Kama uliirekebisha ratiba hiyo wakati wa kutoa mkopo, liandike, maana ni ushahidi wa kuijua kazi.

Na kama taasisi yako inatoa murabaha, yaani inanunua bidhaa na kumuuzia mteja kwa faida mliyokubaliana, salio kwenye mfumo huwa na faida ndani ya bei. Usilijumlishe na salio la mikopo ya kawaida ambayo inahesabiwa mtaji pekee. Zitenge.

Sasa kuhusu "wananiamini sana". Lifute. Imani huonekana kwenye vitendo vinavyohesabika. Cha kwanza ni waliomaliza mkopo wakarudi kuchukua mwingine. Hapo jihadhari, kwani mkopo mpya ukitolewa siku ile ile wa zamani unapofungwa, tena mkubwa zaidi, msomaji atadhani wa pili ndio ulioulipa wa kwanza. Hesabu waliofunga kwa fedha zao na kukaa angalau wiki mbili. Cha pili ni waliokujulisha tatizo kabla ya siku ya rejesho. Mteja anayekuogopa huzima simu, anayekuamini hukupigia mapema kwamba boti imeharibika mashine. Cha tatu ni vitabu: siku mkaguzi alipokwenda kwa wateja bila ya wewe, vitabu vyao vingapi vilikubaliana na mfumo? Kwangu hicho kinazidi barua kumi za sifa. Majina ya wateja usiyataje, wala picha zao usiweke. Na sheha asitajwe kuwa shahidi wako kabla hujamuomba ruhusa, kwani barua anazoandika ni za kumthibitisha mkaazi, si za kukusifu wewe.

Kwa namba hizo za mfano, aya yako ingekuwa hivi:

"Nasimamia wateja 214 wilaya ya Wete, salio 180,000,000 hadi 31 Machi, robo yake ni mikopo inayorejeshwa kwa mkupuo. PAR 30 ni asilimia 4, na asilimia 6 ikijumuishwa iliyopangiwa upya. Urejeshaji wa Machi bila malipo ya mapema na malimbikizo ni asilimia 92.5. Nilipokea mikopo mibovu ya 9,600,000: zimekusanywa 6,100,000, zimefutwa 2,700,000, zimebaki 800,000. Kati ya wateja 130 waliofunga mkopo mwaka huu, 88 wamechukua mwingine baada ya wiki mbili au zaidi. Ukaguzi wa vitabu 40 ulikuta 39 sawa na mfumo. Kimoja kilikosa stakabadhi ya 20,000, ikapatikana."

Hicho kitabu kimoja usikiondoe. Na chapisha taarifa ya mfumo ya tarehe hiyo hiyo uende nayo kwenye usaili, kwani ukichapisha ya Aprili namba hazitalingana na utapoteza nusu saa kueleza kwa nini.