Kwa nini nusu pointi kwenye 3 ni ghali hivi?

*Swali: Kaka, nilibeti NFL timu yangu ikiwa -3.5 kwa bei ya 2.10. Ikashinda 27-24, nikaliwa. Mwenzangu alichukua -2.5 kwa 1.70, akala. Wakati huo -3 ilikuwa 1.91. Mechi nyingine nikaona kutoka -5 kwenda -4.5 bei inashuka kidogo tu. Kwa nini nusu pointi hazilingani bei? Na je, nilikosea?*

Pole kwa huo mkeka, ndugu yangu. Ila dau lako halikuwa baya kama unavyodhani. Aliyelipa ghali ni mwenzako, ingawa yeye ndiye aliyekula. Ukichukua timu kwa -3.5, unakula tu ikishinda kwa tofauti ya pointi 4 au zaidi; kwa -2.5, ushindi wa 3 unatosha. Nitakuonyesha kwa hesabu, lakini kwanza tuone hiyo 3 inatoka wapi.

Kwenye mpira wa Kimarekani pointi haziingii moja moja. Tachidauni ni 6, na teke la nyongeza linaifanya 7. Timu ikikwama njiani, inaupiga mpira upite katikati ya milingoti na kupata 3. Kwa hiyo tofauti za mwisho hurundikana kwenye namba chache. Takriban mechi 15 kati ya 100 za NFL huisha kwa tofauti ya pointi 3 kamili, timu yoyote ikishinda, na 9 hivi kwa 7. Tofauti ya 5 ni adimu.

Namba 3 inaongoza kwa sababu ya dakika za mwisho. Timu zikiwa sare, mwenye mpira hatafuti tachidauni kwa udi na uvumba. Anasogea karibu na milingoti, anakula muda, kisha anapiga. Kumbuka Super Bowl ya Februari 2023, Chiefs na Eagles wakiwa 35-35. Jerick McKinnon wa Chiefs alikuwa na mpira mkononi na njia ya kuingia ilikuwa wazi, lakini akajiangusha kwa makusudi karibu na yadi ya 2. Angefunga, Eagles wangepata mpira wakiwa na zaidi ya dakika moja na nusu ya kusawazisha. Chiefs wakaua muda, na zikiwa zimebaki sekunde 8 Harrison Butker akapiga teke la yadi 27. Ikaisha 38-35. Mchezaji alikataa 6 ili timu yake ishinde kwa 3, na kwa kushinda mechi alikuwa sahihi kabisa.

Sasa hesabu. Chukua mechi 100 ambazo timu imepewa -3. Tuseme 46 inashinda kwa zaidi ya 3, 9 inashinda kwa 3 kamili, na 45 zilizobaki inashinda kwa pungufu ya hapo au inafungwa. Kila mechi unaweka shilingi 10,000.

Ukiwa na -3 kwa 1.91, zile 9 unarudishiwa dau. Unapata 418,600 kwenye 46, unapoteza 450,000 kwenye 45, unabaki na hasara ya 31,400. Hiyo ndiyo faida ya kampuni.

Ukiwa na -2.5, zile 9 zote unakula, kwa hiyo ushindi ni 55. Kwa 1.91 ungepata faida ya 50,500, na ndiyo maana hakuna atakayekupa bei hiyo. Kwa 1.70 ya mwenzako, faida ni 385,000 dhidi ya hasara ya 450,000: anapoteza 65,000, zaidi ya mara mbili ya aliyebaki kwenye -3. Bei inayolingana na -3 ni karibu 1.76. Chini ya hapo, usinunue.

Wewe wa -3.5, zile 9 unaliwa zote. Kwa 2.10 unapata 506,000 kwenye 46 na kupoteza 540,000 kwenye 54. Hasara ni 34,000, karibu sawa na -3. Bei yako ilikuwa ya haki, ila mechi ikaangukia pabaya. Ambacho hupaswi kukubali kamwe ni -3.5 kwa 1.91, maana hapo hasara inafika 121,400.

Kutoka -5 kwenda -4.5 unanunua tofauti ya 5, ambayo haitokei mara nyingi, kwa hiyo bei inasogea kidogo. Hata hapo nakushauri uache, kwa sababu unalipia kitu usichokitumia.

Na ukiona mechi mbili zote -3, soma bei kabla ya kufurahi. Kampuni huogopa kuihamisha namba kutoka 3, kwa hiyo pesa zikielemea upande mmoja hushusha bei kwanza. Ile -3 ya 1.80 iko njiani kuelekea -3.5, na umeshaanza kuilipia.

Jambo moja limebadilika. Tangu msimu wa 2015 teke la nyongeza hupigwa kutoka mbali zaidi, kama yadi 33, na sasa hukoswa mara nyingi kuliko zamani. Kwa hiyo 6 imepata uzito, na 7 siyo ngome ile ya zamani. Namba 3 imebaki palepale, kwa kuwa haitegemei teke la nyongeza peke yake.

Hesabu hizi ni za NFL, na ni za tofauti ya pointi tu. Usizihamishie kwenye jumla ya pointi wala kwenye mechi za vyuo vikuu, ambako timu huachana kwa mbali na 3 hutokea mara chache zaidi.