Kafuri kifuani kwa mtoto

"Nikiyeyusha kafuri kwenye mafuta nimpake mwanangu wa mwaka mmoja kifuani, kuna ubaya?"

Upo, usimpake. Kafuri hupenya ngozini, na akilamba vidole ni hatari zaidi: gramu moja tu, yaani kipande kidogo, inaweza kumuua mtoto, na degedege huanza ghafla, pengine ndani ya dakika chache. Wapo wanaosema mafuta hupunguza makali ya kafuri, nao wako nusu sawa, ila ukichanganya kwa kukisia hujui umeweka kiasi gani. Marekani dawa za kuchua haziruhusiwi kuzidi asilimia 11 ya kafuri, na hata hizo si za walio chini ya miaka 2. Akimeza, usimtapishe. Mkimbize hospitali na kichupa chenyewe, hata kama bado anacheza.