Kuku wa kukaanga: kidari na paja havitoki kwenye mafuta kwa nyuzi joto zile zile

"Wakuu, nina kibanda cha chips kuku hapa Mwanjelwa, Mbeya, nakaanga kuku wa kisasa mbichi bila kuchemsha. Nimenunua themomita ya nyama, kipande kikigonga 74 natoa. Vidari vinatoka vikavu, mapaja wateja wanasema yanavutika kama mpira na mfupani mekundu. Nafanya nini?"

Mkuu, hiyo 74 ni namba ya usalama tu, ni joto ambalo bakteria wa salmonela wanakufa papo hapo. Haikuambii nyama imelainika. Na mimi nachoma na kukaanga kuku huku Mafinga, kitu kilichonisaidia kuliko vyote ni kuacha kutumia namba moja kwa kuku mzima.

Kidari kwanza. Kuku wa kisasa harushi mbawa, kwahiyo ile misuli ya kifua haina kazi nzito, ina nyuzi laini na mafuta kidogo na karibu haina ule utando mweupe mgumu. Ikipita kama 65 nyuzi zinajikaza na kukamua maji, na kila nyuzi joto unayoongeza inakamua zaidi, na hakuna kitu kingine ndani cha kuziba pengo. Kwahiyo kidari kitoe kikiwa 71 au 72, kiweke kwenye chujio juu ya sinia bila kufunika, joto la nje linaendelea kuingia katikati na ndani ya dakika chache kinafika 74 chenyewe. Acha themomita humo uhakikishe imefika, isipofika rudisha kwenye mafuta.

Paja ni habari nyingine kabisa. Mguu unabeba kuku siku nzima, kwahiyo umejaa kolajeni, ule utando unaoshikilia misuli, na mafuta katikati ya misuli. Kwenye 74 nyama ni salama ila kolajeni bado imekaza, ndo huo mpira wateja wanaousema. Ikipanda kwenye 80 na kitu inaanza kuyeyuka haraka na kuwa jelatini, ile ile inayofanya supu ya kongoro inate mdomoni. Paja nalo linapoteza maji, tena mengi, lakini jelatini na mafuta vinakaa katikati ya nyuzi na ukitafuna unasikia utamu wa majimaji. Mimi natoa paja kwenye 82 mpaka 85. Ukivuka 90 hata lenyewe linaanza kuchambuka nyuzinyuzi, kwahiyo usilisahau.

Wekundu wa mfupani usikutishe. Kuku wa kisasa anachinjwa mdogo, mifupa haijakomaa, rangi ya uboho inavuja nje hasa akiwa aligandishwa, na inaweza kubaki hata nyama imeiva vizuri. Amini themomita. Ila ichome kutokea ubavuni mpaka katikati ya sehemu nene, karibu na mfupa bila kuugusa maana ukiugusa namba inadanganya, halafu pima sehemu mbili tatu uchukue ile ya chini.

Sasa kwenye karai lako. Chukua kuku wa kama kilo moja na nusu, kata vipande nane, kila nusu ya kifua igawe tena mara mbili. Tanguliza mapaja na miguu, subiri dakika tano au sita ndo uweke vidari na vipapatio. Hapo vyote vinakaribia kuiva pamoja, kila kimoja kwa namba yake. Ukivitia kwa mpigo mmoja lazima kimoja kiumie.

Alafu kuna jambo la Mbeya. Upo kama mita 1,700 juu ya bahari, maji hapo yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, sio 100. Ukiijaribu themomita yako kwenye maji yanayochemka ikasoma 94 usiseme mbovu, ipo sawa. Kipimo cha uhakika ni barafu iliyopondwa na maji kidogo, ikae humo isome 0. Na kwasababu maji ya kwenye nyama yanatoka mapema, ngozi inakauka na kuwa nyeusi wakati ndani bado, kwahiyo mafuta yapunguze kama nyuzi nane au tisa, mtu wa Dar akiweka 175 wewe weka 165 hivi. Usijaze karai pia, vipande vingi vinapoza mafuta na kuku anakunywa mafuta badala ya kukaangika.

Ukiamua kurudi kwenye kuchemsha kwanza kama wengi wanavyofanya, mapaja yatangulie sufuriani na vidari viingie mwishoni, chemsha ndogo isiyotokota sana. Hizi namba zote ni za kuku wa kisasa. Kienyeji aliyezeeka kolajeni yake imekomaa, ukimfikisha 85 kwenye mafuta na kumtoa bado atakusumbua meno, huyo mchemshe taratibu kwa muda mrefu mpaka uma uingie bila kulazimisha, ndo umkaange.