Keshia auze, meneja abatilishe

> Nimemfichia keshia kitufe cha kubatilisha, mbona risiti bado zinabatilishwa?

Ndugu, ulichoficha ni kitufe tu. Seva yako bado inakubali ombi lenyewe, na keshia anayejua anwani yake atalituma bila kitufe. Weka ukaguzi kwenye seva:

```js
if (user.role !== "manager") {
  return res.status(403).end();
}
```

Cheo kisomwe kutoka kwenye hifadhidata, kamwe si kwenye data iliyotumwa na kompyuta ya kaunta.

Halafu kagua bei, maana hapo ndipo sisi tuliumia. Dukani kwetu Eastleigh tulifunga punguzo, lakini kisanduku cha bei kikabaki wazi. Shati la shilingi 1,200 likauzwa 900, na ripoti ya punguzo ikasoma sifuri. Sasa keshia anatuma namba ya bidhaa na idadi tu. Bei inatolewa na seva.

Usifute mauzo pia. Andika rekodi mpya ya -1,200 yenye namba ya risiti ya kwanza, aliyeomba, aliyeidhinisha, saa na sababu. Meneja aweke namba yake ya siri pale pale kaunta, na idhini hiyo itumike kwa risiti hiyo moja pekee. Tulipoacha akaunti ya meneja wazi "kwa dakika mbili", kila kitu kilichofuata kiliandikwa kwa jina lake.

Ukikuta idhini za meneja siku aliyokuwa likizo, namba yake imeshajulikana. Ibadilishe siku hiyo hiyo.